Ikicheza Kwenye Simu

Mimi ni mtu wa hasira, na sifichi. Watu wa Mosocho wananijua kama mama wa kamera, yule anayefukuza wateja na kuwarudisha kesho yake kwa chai. Mimi na mume wangu tuna chumba cha video hapo sokoni, mlango wa tatu kutoka kwa fundi viatu. Mimi nashika kamera, yeye anashika kompyuta. Harusi tunapiga, lakini mazishi ndiyo mengi, kwa sababu huku kwetu mtu anaweza kuolewa bila video, ila hazikwi bila video.

Mazishi ninayotaka kusimulia yalikuwa ya baba mmoja wa upande wa Birongo, mkulima wa ndizi na chai. Aliacha mjane na kijana wake wa kwanza, mkubwa tu, amemaliza shule na anauza vifaa vya simu kwenye meza ya barabarani. Na aliacha mdogo wake. Huyo mdogo wa marehemu ndiye shemeji wa mjane na baba mdogo wa kijana, na ndiye aliyekuja siku hiyo na ubaya wake mkononi.

Kwetu, mahali mtu anapozikwa ni neno zito. Kaburi likikaa kwenye boma lake, mke na watoto wake wamesimama hapo, hakuna wa kuwauliza. Shemeji alitaka marehemu akazikwe kwenye boma la zamani la babu, kule chini, ili boma la juu libaki wazi. Mjane akakataa. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa kando ya nyumba yake, udongo mwekundu umerundikwa, jeneza liko chini ya turubai, na mchungaji alikuwa anaomba. Shemeji akaingia katikati ya maombi, akamshika mjane kitambaa cha kichwani, akamvuta hadi ukingoni mwa kaburi, akampiga teke la tumbo.

Nilikuwa hatua sita kutoka hapo. Kamera iko kwenye miguu yake mitatu, inarekodi. Sikuikimbia wala sikwenda kumsaidia yule mama, na hilo linaniuma mpaka leo. Niliishika tu kamera isitikisike.

Kijana alimrukia mama yake, akamlalia kumkinga. Hakuwa na kitu mkononi. Baba yake mdogo akaokota jembe la wachimba kaburi, akageuza mpini, akampiga mgongoni, akampiga begani, akampiga kichwani mpaka damu ikatoka. Kijana, uso wake umezama kwenye udongo, akapiga kelele, "Nitakuua! Nitakuua leo!" Yule mwanamume akainua jembe tena, mguu ukamteleza kwenye rundo la udongo, akaangukia sepetu iliyokuwa imelala hapo na makali yake juu. Mkono wake ukapasuka kutoka kiwiko hadi karibu na kiganja. Ndivyo alivyoumia. Niliona kwa macho yangu na kamera yangu iliona.

Marehemu alizikwa kwenye boma lake, polisi wakiwa wamesimama pembeni. Wiki mbili baadaye shemeji akaenda kwa chifu na mkono umefungwa bendeji, akasema kijana alimkata kwa panga na akaapa kumuua mbele ya watu. Nusu ya watu waliokuwa matangani hawakuwa wameona vizuri, maana wakati huo kila mtu alikuwa anakimbia. Lakini sauti waliisikia wote. "Nitakuua" ilisikika mpaka barabarani.

Mjane akaja dukani kwangu na kijana wake. Kichwa cha kijana kilikuwa bado kina nyuzi.

"Dada," mjane akaniambia, "chifu ameita baraza kesho, Alhamisi. Wazee wanataka waone video. Na wanataka yote, tangu mwanzo mpaka mwisho. Shemeji ameshasema ikiwa imekatwa hata kidogo, basi umelipwa uikate."

Hiyo ndiyo desturi yetu, na hiyo ndiyo iliyotuponza. Mahali pengine ungekata dakika nne za ugomvi, ukaweka kwenye flash, basi. Huku kwetu video iliyokatwa ni ushahidi wa uongo. Mazishi ni saa tatu, na saa tatu ndizo zinazotakiwa.

Sasa niseme tulichokuwa tumefanya mwezi huo, mimi na mume wangu, kwa werevu wetu. Diski zetu zilikuwa zimejaa. Mazishi moja tu, jinsi yanavyotoka kwenye kamera, yanakula gigabaiti sitini na kitu. Mume wangu alikuwa ametoka Kisii mjini, kwa jamaa mwenye studio, akarudi na habari za AV1, namna mpya ya kukandamiza video. Alizisema kama mtu aliyeokoka. Ati AVC, ile tunayowapa wateja tangu zamani, ni ya kizee, inachezwa na kila kitu lakini inakula nafasi. Ati HEVC inakuja na faili karibu nusu ya ile, picha ileile. Ati hii AV1 ni ndogo zaidi hata ya HEVC, iko wazi kwa mtu yeyote, na kampuni kubwa za mitandao ndizo zilizokaa pamoja kuitengeneza.

"Na ubaya wake?" nikamuuliza, maana namjua.

"Polepole," akasema. "Inataka subira."

Subira! Kompyuta yetu ni ya miaka mingi. Mazishi ya saa tatu kuyafanya AVC ni saa moja na kidogo. HEVC, saa tano. AV1 aliiwasha jioni tukaenda kulala, tukaamka, tukafungua duka, tukala chakula cha mchana, na ilikuwa bado inasaga. Feni ililia siku nzima. Lakini ilipomaliza, wacha wee! Gigabaiti tatu na nusu. Tukaiangalia kwenye skrini yetu, nyuso zinaonekana, majani ya migomba yanaonekana, tukashangilia. Mume wangu akafanya mazishi yote ya mwaka huo namna hiyo, moja baada ya jingine, na kila moja likimaliza anafuta faili lile la kamera. Nilimwona akifuta. Sikumkataza. Ya yule baba wa Birongo yalikuwa ya nne.

Kwa hiyo kijana na mama yake walipokuja, nilichokuwa nacho ni hiyo AV1 peke yake. Kijana alikuwa na flash ya gigabaiti nane. Nikapiga hesabu kichwani. Nikiigeuza iwe AVC ya kawaida itakuwa gigabaiti kumi na moja, haiingii. HEVC itakuwa karibu sita, inaingia, lakini flash ambazo TV zetu zinasoma zimepangwa kwa mtindo wa zamani usiokubali faili moja ipite gigabaiti nne. Ningekata vipande viwili. Kukata tena! AV1 ilikuwa imekaa hapo, nzima, tatu na nusu, inaingia bila shida. Nilikuwa nimechoka na kesho yake nilikuwa na harusi Marani. Nikaiweka hiyo.

Kijana akachomeka flash kwenye simu yake kwa kile kiunganishi anachouza mezani kwake. Simu yake ilikuwa mpya. Picha ikatokea, safi, mama yake akaiona, akafunika mdomo.

"Anti, na TV ya kwa chifu?" kijana akaniuliza.

"Ikicheza kwenye simu yako itacheza popote," nikasema.

Mimi ndiye niliyesema maneno hayo. Nikamrudishia flash, nikafungua mlango waende. Nilisahau kitu ambacho mtu wa kazi yangu hapaswi kusahau. Jina MP4 lililoandikwa mwishoni mwa faili ni gunia tu. Gunia linafanana, kilichomo ndani ndicho tofauti. Simu mpya inaweza kufungua AV1 kwa nguvu ya akili yake yenyewe, hata kama haina kifaa maalumu cha kazi hiyo. TV ya zamani haiwezi kujifunza, inajua ilichotengenezwa nacho, na ile ya kwa chifu ilitengenezwa kabla AV1 haijaingia kwenye TV za bei yetu.

Alhamisi saa nne asubuhi nilikuwa Marani, bibi harusi ndiyo kwanza anashuka garini, simu ikalia. Alikuwa mjane. Nilisikia kelele kabla sijamsikia yeye.

"Dada, wanamuua! Wanamuua mtoto wangu!"

Yaliyotokea nilikuja kuelezwa na yeye mwenyewe baadaye. Watu walijaa kwenye ukumbi mdogo wa chifu, wengine madirishani, wengine nje kwenye nyasi. Flash ikawekwa. TV ikaandika kwa Kiingereza kwamba aina hii ya picha haiitambui, kisha skrini ikabaki nyeusi, na sauti ikaendelea. Sauti ilikuwa imekandamizwa kwa njia nyingine, ya kawaida, ambayo TV iliijua. Chifu akasema tungoje, labda picha itakuja. Mtu akasogeza mbele. Basi baraza zima likakaa mbele ya skrini nyeusi likasikiliza. Wakasikia maombi. Wakasikia mama akilia. Wakasikia kishindo, na kishindo, halafu kijana, wazi kabisa: "Nitakuua! Nitakuua leo!" Halafu wakasikia mwanamume anapiga yowe la maumivu, maana hapo ndipo alipoangukia sepetu.

Shemeji akasimama na mkono wake wa bendeji. "Mmesikia wenyewe," akasema. "Mwataka niseme nini tena?"

Kijana akaruka. "Iko kwenye simu! Picha iko kwenye simu yangu!" Akaingiza mkono ndani ya jaketi kuitoa. Mtu akapiga kelele, "Ana kisu!" Hawakungoja. Wakamrukia. Benchi lililoazimwa kanisani, walilokuwa wamekalia, liliinuliwa likamshukia. Simu ikakanyagwa. Mtu mmoja, hakuna aliyekubali ni nani mpaka leo, alimchoma jichoni kwa ncha ya mwavuli. Askari wa chifu walikuwa wawili tu. Walimvuta kwa miguu, wakamwingiza kwenye stoo ya nyuma, wakafunga kwa kufuli, na watu wakabaki nje wakiupiga mlango kwa mawe wakisema wapewe muuaji wao.

Nilimpigia mume wangu. Nikamwambia atengeneze nyingine, itakayocheza, sasa hivi. Kamera nikamwachia jirani aliyekuja kunishikia taa, bibi harusi na watu wake wakanitukana, nikawarudishia matusi yao, nikapanda boda. Njia nzima nilikuwa nalia na kumgombeza dereva.

Nilipoingia dukani, mume wangu alikuwa amekaa mbele ya skrini, amekunja mikono. Asilimia ishirini na mbili.

"Nini hii?"

"HEVC," akasema. "Yote, saa tatu zote. AVC haitaingia kwenye flash ile. Bado kama saa nne hivi."

"Saa nne? Mtoto wa watu anapigwa mawe, wewe unafanya HEVC?"

"Ni ndogo, mama. Na siku hizi TV nyingi—"

"Siku hizi! TV ya kwa chifu ni ya siku hizi? Unajua inacheza HEVC?"

"Labda."

Hilo "labda" lilinipanda kichwani. Nikachukua mguu mmoja wa stendi ya kamera, wa chuma, nikamtupia. Ulimpata kwenye paji la uso. Damu ikamshuka juu ya jicho, akanyanyuka, akanikamata mabega akanisukuma kwenye kabati, vioo vikavunjika, nikamng'ata mkono. Miaka kumi na minne ya ndoa hatukuwahi kupigana. Siku hiyo tulipigana kama paka, na kompyuta inaendelea kusaga kando yetu.

Mimi ndiye niliyeacha. Nikamwambia huku nahema, "Na hata ikimaliza, itapita gigabaiti nne. Flash itaikataa. Umesahau hilo pia?"

Alikuwa amesahau. Tulikuwa tumesahau kila kitu wote wawili tulipopenda udogo wa lile faili.

Akajifuta damu kwa shati, akakaa, akasimamisha HEVC. Tukachukua dakika arobaini, kuanzia maombi hadi jeneza linashuka, bila kukata katikati, tukaifanya AVC, ile ya kizee. Robo saa na kidogo. Gigabaiti mbili na nusu. Dakika zile nilisimama nyuma yake nikimshikia kitambaa kwenye paji la uso, hakuna aliyesema pole. Ilipomaliza tukaitia kwenye flash nyingine, tukaichomeka kwenye TV ya fundi viatu, iliyo na unene wa zamani mgongoni na tundu la flash lililoongezwa kwa king'amuzi. Ikacheza. Fundi viatu akauliza, "Kwani kuna nini?" Nilikuwa nimeshapanda boda.

Nilifika kwa chifu saa sita mchana. Mlango wa stoo ulikuwa umepasuka juu, askari mmoja amekaa chini na kichwa kimevimba. Gari la polisi lilikuwa bado halijafika. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyofikiria, na wengi niliwajua. Niliwapiga picha harusini, niliwapiga picha wakizika mama zao. Nikapita katikati yao kwa viwiko, nikafika kwenye TV, nikaiweka flash.

Picha ikaja.

Wakaacha mlango wa stoo wakaisogelea. Nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi. Niliwaangalia wao, sikuiangalia TV. Niliwaona wakimwona mjane akivutwa, wakiona teke. Wakamwona kijana amelala juu ya mama yake, mikono mitupu, uso kwenye udongo, mpini unashuka juu yake, na pale pale, kinywa kimejaa mchanga, anasema nitakuua. Wakaona mguu ukiteleza na sepetu. Mzee mmoja aliyekuwa mbele yangu akasema polepole, "Kumbe." Basi.

Halafu wakageuka wakamtafuta shemeji. Alikuwa karibu na mlango. Wakamshika kwa mikono ileile. Niliona benchi lile likiinuliwa tena, na nikasema moyoni, mpigeni. Nilisema hivyo. Pigo la kwanza nililipenda, na la pili. Kwenye la tatu nilisikia sauti ya mfupa, na nikaona kwamba aliyepiga ni yule mzee aliyesema kumbe.

Aliyewazuia ni mjane. Alikuwa ameketi mlangoni pa stoo tangu asubuhi. Aliingia katikati yao, akajitupa juu ya yule shemeji aliyempiga teke, akamlalia. "Mnaua wa pili sasa?" akawapigia kelele. "Mtaua wangapi kwa TV? Nani atanifungulia mtoto wangu?" Ndipo wakakumbuka kwamba ufunguo haukuwa umegeuzwa. Picha ilikuwa imewafundisha nani wa kupiga, ila hakuna hata mmoja aliyekwenda kumfungulia yule asiye na kosa.

Tulimkuta amekaa kwenye magunia ya mbolea. Kumbe kelele za kumpiga baba yake mdogo alidhani ni zake, wamerudi kwa ajili yake. Alikuwa amechukua panga la stoo na kulishika kwa mikono miwili. Mama yake alimwita jina mara tano ndipo akaliachia.

Hospitali ya Kisii walisema angefika asubuhi labda jicho lingeokolewa. Nimesikia "labda" nyingi maishani, hiyo ndiyo nimeibeba. Nilihesabu na mume wangu, tukiwa tumekaa kitandani hatuna usingizi. Zile saa mbili alizokaa stooni zote zilitoka kwenye uvivu wangu na udogo wa faili letu.

Kesi ya panga ilikufa. Shemeji alipona, anachechemea, na boma la juu ni la mjane, kaburi liko hapo. Siku hizi dukani kwetu kuna TV moja ya zamani, tuliinunua kwa fundi viatu, na hakuna flash inayotoka bila kucheza hapo kwanza. Za kutunza tunafanya AV1, ndiyo, nafasi ni nafasi, lakini faili la kamera halifutwi mpaka mteja ameichukua yake ya AVC akaiona kwao.

Baada ya miezi kadhaa kijana alikuja kuchukua mazishi ya baba yake, yote, vipande vitatu kwenye flash kubwa zaidi. Kila kipande nilikuwa nimekianza kwa kurudia dakika moja ya kile kilichotangulia, asije mtu akasema kimekatwa. Nikachomeka kwenye TV. Alisimama pembeni, akageuza shingo ili jicho lililobaki liione skrini. Aliangalia baba yake akiombewa mpaka picha ilipofika kwenye kitambaa cha mama yake, akanyoosha mkono akaizima mwenyewe.

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia pole kwa miezi yote hiyo. Nilikuwa na maneno mengi, ya AVC na HEVC na mambo ya TV, na kwa nini.

"Anti," akasema, bila hasira yoyote, akiitia flash mfukoni. "Uliniambia itacheza popote."

"Nilikuambia," nikasema.

Akatoka, akagonga bega kwenye fremu ya mlango, upande ule asioona.